Bosi wangu mpya ni Mfaransa: nimpongezeje kwa lugha yake?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu katika shirika moja hapa Arusha. Mama mmoja Mfaransa ambaye tumekaa naye ofisi moja miaka mitatu ameteuliwa kuwa mkuu wa idara yetu, na barua imeshatoka. Ana umri wa mama yangu. Ndiye aliyenielekeza kufunga hesabu za mwaka, na siku nyingi alishaniambia tuitane 'tu'. Nataka kumpongeza kwa Kifaransa changu cha kujifunza, ila naogopa kuonekana najipendekeza, au nimemzoea mno. Kwa kuwa sasa ni bosi nimerudi kwenye 'vous'. Nimeandika hivi: 'Félicitations beaucoup pour votre promotion, Maman ! Enfin vous êtes montée. Je suis très excité et je suis fier de vous. Que Dieu vous précède. Bonne continuation.' Niutume?"*

Marahaba. Usiutume bado. Ujumbe wako una moyo mzuri na sarufi yake si mbaya kama unavyodhani. Kosa la sarufi ni moja tu, tena dogo. Kinachonitia wasiwasi ni mambo mengine kama sita ambayo kila moja ni Kifaransa sahihi, lakini mama huyo atayasikia tofauti na ulivyokusudia.

Hilo ndilo la kuogopa kuliko sarufi. Ukikosea kiambishi, mwenye lugha anajua papo hapo kwamba wewe ni mgeni, na anakusamehe kabla hajamaliza kusoma. Ukikosea kipimo cha heshima au cha ukaribu, haoni kosa la lugha. Anaona tabia yako: huyu ana kiburi, huyu ananikejeli, huyu amenuna. Mwanaisimu Jenny Thomas alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1983, na mimi nimelishuhudia darasani miaka yote: kadiri Kifaransa cha mtu kinavyonyooka, ndivyo watu wanavyozidi kuamini kwamba kila alichosema alikikusudia.

Tuanze na neno uliloanza nalo wewe kwangu. "Shikamoo" moja imefanya kazi mbili kwa mpigo: umenipa heshima ya umri na umenikaribia kama mtoto wa nyumbani. "Mama" nayo hufanya hivyohivyo. Katika Kiswahili heshima na upendo husafiri pamoja, mara nyingi ndani ya neno moja, ndiyo maana hatupati shida kumwambia bosi "wewe". Kifaransa kimezitenganisha. Heshima hukaa kwenye kiwakilishi, yaani "vous" ya heshima au "tu" ya waliozoeana, pamoja na salamu za kufungua na kufunga barua. Upendo hukaa kwingine kabisa: kwenye lile jambo moja mahususi unalolitaja kuhusu mtu. Unaweza kuandika "vous" yenye joto kubwa, na unaweza kuandika "tu" baridi kama barafu. Ukilishika hilo, hofu yako ya kujipendekeza au kuzoea mno inapungua, kwa sababu utakuwa unarekebisha vitu viwili, kila kimoja kwa mahali pake.

Sasa "vous" yako. Umefikiri kama mtu mwenye adabu: amepanda cheo, basi na kiwakilishi kipande. Lakini kwa Wafaransa "tu" ikishatolewa na mkubwa, hairudishwi bila sababu. Katika ofisi nyingi mwenye umri au cheo ndiye anayealika, kwa maneno kama "on peut se tutoyer", na mwaliko huo ni zawadi ya ukaribu. Ukirudi kwenye "vous" siku aliyoteuliwa, atasoma moja ya mambo mawili: ama umekasirika, ama umeamua kuweka ukuta kati yenu kwa sababu ya cheo. Yote mawili yatamuumiza siku ambayo ungependa afurahi. Endelea na "tu". Heshima yako itaonekana katika urefu wa ujumbe na utulivu wa maneno.

Ukibadilisha, badilisha kote. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kwa wanafunzi wangu ni kuchanganya: mstari wa kwanza "ta nomination", wa tatu "je vous souhaite". Sisi kiambishi "ku-" hutosha kwa mtu mmoja awe nani, kwa hiyo sikio letu halishtuki. La Mfaransa linashtuka. Kabla ya kutuma pitia neno kwa neno: "tu", "te", "toi", "ta", "tes" ziwe familia moja, na pasiwe na "vous", "votre" wala "vos" iliyojificha.

Nikupitishe sasa kwenye ujumbe wenyewe.

"Félicitations beaucoup" ni "hongera sana" iliyovalishwa nguo za Kifaransa, na hili ndilo kosa lako la sarufi. "Félicitations" ni nomino ya wingi, "pongezi", na "beaucoup" haiifuati nomino hivyo. Anayetaka kuitia uzito husema "toutes mes félicitations", pongezi zangu zote. Hiyo inafaa kwa mkurugenzi na inafaa kwa rafiki, ndiyo sababu naipenda kuliko nyingine.

"Promotion" si kosa, ingawa neno hilohilo ndilo linalobandikwa dukani bidhaa zikipunguzwa bei. Kwa kuwa yeye ameteuliwa kushika nafasi yenye jina, "nomination" linafaa zaidi. Najua litakutia shaka kama umezoea Kiingereza, ambako neno linaloandikwa vilevile humaanisha kupendekezwa tu, kabla ya uamuzi. Katika Kifaransa uamuzi umeshafanyika na mtu amepata kiti.

"Maman" iondoe. Kwa Mfaransa wa Ufaransa neno hilo ni la mama mzazi wake peke yake. Mwenzako angekuwa ametoka Kinshasa ningekwambia tofauti, maana huko "Maman" ikifuatwa na jina ni heshima ya kawaida kabisa, na anayeiacha kwa mwanamke wa umri huo ndiye anayeonekana hana adabu. Kifaransa kina nyumba nyingi. Kwa huyu wako tumia jina lake la kwanza, ukilitanguliza na "Chère". Wanafunzi wangu wa kiume hulikwepa neno hilo wakidhani linamaanisha "mpenzi". Katika barua linakaa palepale tunapoweka "mpendwa", na kati ya wafanyakazi wenza halina utata wowote. Andika "Chère" yenye "e" ya mwisho kwa sababu yeye ni mwanamke.

"Enfin vous êtes montée" ina kiambishi sahihi, lakini ina sumu ndogo ndani ya "enfin". Sisi tukisema "hatimaye umepanda" tunasherehekea subira. Yeye anaweza kusikia kwamba amechelewa, kwamba ofisi nzima ilikuwa inahesabu miaka. Ifute yote, wala haiongezi kitu, anajua amepanda.

"Excité" ndiyo inayonifanya nikuombe usitume chochote kabla hujamaliza kusoma. Msikilizaji wa Kifaransa husikia ama mtu aliyepagawa kama mtoto kabla ya safari, ama mtu mwenye ashiki. Kwa furaha ya kawaida sema "content", na ya kiwango cha juu kidogo, "ravi". Maneno haya hufuata jinsia yako wewe unayefurahi: wewe ni mwanaume, basi "ravi". Dada akiandika ujumbe huohuo ataweka "ravie", hata kama anayepongezwa ni mwanaume.

Halafu kuna vihusishi viwili vidogo ambavyo naona vina thamani kuliko msamiati wote huu. "Content pour toi" maana yake nimefurahi kwa ajili yako, furaha yako nimeishiriki. "Content de toi" maana yake nimeridhika na wewe, kama mwalimu anayerudisha daftari lenye alama nzuri. Kihusishi kimoja kinakushusha chini ya mtu au kukuweka juu yake. "Fier de vous" inaingia kwenye mtego huohuo. Kujivunia mtu, kwa sikio la Kifaransa, hutoka juu kwenda chini: mzazi kwa mtoto, kocha kwa mchezaji. Kijana akimwambia hivyo bosi aliye sawa na mama yake, ameketi kwenye kiti kisicho chake. Hapa ndipo ulipovuka mpaka bila kujua, wakati wewe ulikuwa unaogopa "tu".

Ukitaka kusema anastahili, na nadhani ndicho ulichotaka kusema kwa "fier", fomyula iko tayari: "c'est amplement mérité", amestahili kabisa. Usiijengee mwenyewe kwa kamusi, maana jirani yake wa karibu, "c'est bien fait pour toi", inaonekana kama "imefanyika vizuri kwako" lakini maana yake ni "umeyataka mwenyewe".

"Que Dieu vous précède" ni "Mungu akutangulie", na ninajua hujaitia kwa mazoea, ni dua. Ufaransa ilitenganisha dini na serikali kwa sheria ya mwaka 1905. Sheria hiyo haikufungi wewe kwenye simu yako, lakini imelea desturi ya kuiacha imani nje ya mlango wa ofisi, hata kwa waumini. Wengi wao wakipokea dua kutoka kwa mfanyakazi wa chini yao hawajui wajibu nini. Bujumbura au Kinshasa, "Que Dieu te bénisse" isingemshtua mtu. Kama kwa miaka hiyo mitatu mmewahi kuzungumza habari za imani na unajua ataipokea, mwombee kwa mdomo mkiwa wawili. Kwenye maandishi ya kazi iache.

Iliyobaki ni "Bonne continuation", na hii ina historia na mimi. Nilipoanza kazi ya ukalimani nilimwandikia mkuu mmoja aliyepandishwa cheo maneno hayohayo, nikiyachukua kama "endelea vizuri". Kesho yake aliniita na kuniuliza kwa upole kama nimesikia kwamba anahamishwa, au kama mimi ndiye ninayeondoka. Fomyula hiyo huambiwa mtu mnayeachana naye njiani: anayeacha kazi, anayehitimu, mnayemaliza mkataba naye. Ni kwaheri yenye adabu. "Bon courage" nayo iepuke. Inakaribia "pole na kazi" yetu, ila ikisemwa siku ya kuteuliwa inadokeza kwamba kiti alichopata ni cha mateso. "Bonne chance" si vibaya, lakini inaacha mambo kwenye bahati. Wanaojua wanasema "je te souhaite beaucoup de réussite dans tes nouvelles fonctions", nakutakia mafanikio mengi katika majukumu yako mapya. "Fonctions" huwa ya wingi hapa. Kwa barua rasmi zaidi kuna "plein succès", lakini kwenu wawili naona ingekaza shati.

Sasa joto. Ujumbe wako wa kwanza ulijaa hisia, na bado haukuwa na hata kitu kimoja ambacho mtu mwingine asingeweza kumwandikia. Wewe mwenyewe umeniambia kitu hicho kwenye swali: alikuelekeza kufunga hesabu za mwaka. Hapo ndipo palipo na upendo, kwa Kifaransa na hata kwa Kiswahili. Pia ndipo panapokuokoa na hofu ya kujipendekeza, kwa sababu anayejipendekeza husifu sifa za jumla (una akili, wewe ni kiongozi bora) na huelekeza macho kwenye cheo kinachokuja. Wewe unashukuru kwa jambo lililopita, alilolifanya kabla hajawa na uwezo wa kukupa chochote.

Basi mimi ningeutuma hivi:

```
Chère (jina lake),

Toutes mes félicitations pour ta nomination !
Je suis vraiment ravi pour toi.
Je n'oublie pas les heures que tu as passées
à m'expliquer la clôture annuelle des comptes.
C'est amplement mérité, et je te souhaite beaucoup
de réussite dans tes nouvelles fonctions.

Hongera sana !

Amicalement,
(jina lako)
```

Kwa Kiswahili ni kama kusema: pongezi zangu zote kwa kuteuliwa kwako, nimefurahi kwelikweli kwa ajili yako, sijasahau saa ulizotumia kunielewesha namna ya kufunga hesabu za mwaka, umestahili kabisa, nakutakia mafanikio mengi katika majukumu mapya. Kisha "Hongera sana" yenyewe, bila kutafsiriwa. Amekaa Arusha miaka mitatu, analijua neno hilo, na hilo ni joto ambalo hakuna Mfaransa mwenzake atakayempa. Kama ungeniuliza uandike kwa Kiswahili chote, nisingekukataza. Lakini umejifunza Kifaransa kwa ajili ya kazi mnayofanya pamoja, na kumwandikia kwa lugha yake siku hii kuna maana ambayo Kiingereza cha ofisini hakina.

Tazama alama ya mshangao: katika maandishi ya Ufaransa hutanguliwa na nafasi ndogo, na moja kwa sentensi inatosha. Tatu mfululizo ni za mtoto wa shule. "Amicalement" inafaa kwa watu wenye "tu" kati yao wasio marafiki wa nyumbani. "Cordialement" ni sahihi lakini ndiyo inayofunga kila barua pepe ya ankara, hivyo ni baridi kwa siku hii. Ile ndefu ya "Veuillez agréer", ambayo vitabu vya zamani vinaipenda, iachie barua za maombi. Na "je t'embrasse" iachie familia yake.

Utaniuliza kuhusu kundi la WhatsApp la ofisi, maana huko wenzako wameshaanza kumwaga maua. Andika mstari mmoja tu, na habari ya hesabu za mwaka usiitie huko. Kwa bahati nzuri Kifaransa kinakuruhusu kupongeza bila kugusa kiwakilishi kabisa:

```
Toutes mes félicitations pour cette nomination,
amplement méritée. Plein succès !
```

Soma tena uone: hakuna "tu", hakuna "vous". Mstari huu utakufaa miaka yote, kila mara utakapokuwa huna uhakika mtu yuko upande gani. "Méritée" ina "e" mbili za mwisho kwa kuwa inafuata "nomination", ambayo ni ya kike, na si kwa sababu ya bosi wako.

Ujumbe wa faragha mtumie yeye peke yake, siku hiyohiyo au inayofuata. Nasema faragha pia kwa sababu nyingine. Katika idara nyingi kuna mtu aliyekiomba kiti hicho akakikosa, na sentensi "c'est amplement mérité" ikisomwa na yeye inakata pande mbili. Kama unajua yupo, hata kwenye kundi iondoe, ubaki na pongezi na kumtakia mafanikio.

Atakapojibu utajua kama kipimo kilikaa. "Merci, ça me touche beaucoup" ni ishara kwamba ile sentensi ya hesabu imemfikia. "Merci, c'est gentil" ni jibu la kawaida la mtu mwenye ujumbe arobaini wa kujibu, usilisome zaidi ya hapo. Akijibu "Je vous remercie" wakati wewe umeandika "tu", hapo simama. Inaweza kuwa anawajibu wengi kwa ujumbe mmoja, kwa sababu "vous" ni ya wingi pia. Mkikutana ana kwa ana mwache aanze yeye kuzungumza, umfuate anachotumia. Na usishangae mkiwa kwenye kikao mbele ya wageni akakuita "vous" kisha mkitoka nje akarudi "tu". Wengi hufanya hivyo, na mbele ya wageni hao wewe umjibu kwa "vous".

Kuna mahali ambapo maelezo yangu hayatoshi. Ukiambiwa uandike barua ya pongezi kwa niaba ya idara nzima, yenye saini na nembo, usiitunge peke yako hata kwa mfano huu; kiwango chake ni kingine na itabaki kwenye faili. Tafuta mwenzako mwenye Kifaransa cha kuzaliwa, mmoja tu, umsomee kwa sauti umtazame usoni, kwa sababu atakunja uso kwenye neno baya kabla hajajua kulieleza. Kama ofisini hayupo, nenda na karatasi yako Alliance Française hapo Arusha, uwaombe walimu waipitie ukiwa umekaa nao.

Na Jumatatu mkikutana kwenye korido, "Encore bravo !" inatosha, kwa tabasamu lako la kila siku.